Kina Ndicho Kinachoamua: Namna ya Kuhakiki Majibu ya Presha

Tofali la saruji la inchi sita, lile linalojengewa kuta za nyumba nyingi, lina urefu wa sentimita 45, kimo cha sentimita 23 na unene wa sentimita 15. Tuchukue moja lenye kilo 25. Mwanafunzi anaulizwa: likisimamishwa wima kwa upande wake mdogo, linaikandamiza sakafu kwa presha kiasi gani?

Mwanafunzi anajua kuwa presha ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo. Nguvu ni kilo 25 mara 10, yaani nyutoni 250. Eneo ni 23 mara 15, sentimita za mraba 345. Anakumbuka kwamba mita moja ina sentimita 100, kwa hiyo anagawa kwa 100 na kupata mita za mraba 3.45. Kisha 250 kwa 3.45, jibu ni paskali 72. Kanuni ni sahihi, kipimo ni sahihi, mwandiko unasomeka. Jibu limekosewa mara mia.

Kosa hili ndilo linalovuruga hesabu nyingi za presha, na kulinasa hakuhitaji kurudia hesabu. Inatosha kulitazama lile eneo. Kitanda cha futi sita kwa sita kina mita za mraba 3.3 hivi. Kwa mujibu wa mwanafunzi huyu, upande mdogo wa tofali ni mkubwa kuliko kitanda cha watu wawili! Mita moja ya mraba ina sentimita 100 upande huu na 100 upande ule, kwa hiyo sentimita za mraba ndani yake ni 10,000. Eneo halisi ni mita za mraba 0.0345, na presha ni paskali 7,246.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuonekana. Mwingine anabadilisha eneo vizuri, lakini anasahau kugeuza kilo kuwa nyutoni. Anagawa 25 kwa 0.0345 na kupata 725. Hapa kitanda hakimsaidii, kwa sababu eneo lake halina dosari. Anahitaji kipimo kingine, na kipimo hicho kinatokana na maji.

Chukua sakafu yenye mita moja ya mraba, uizungushie kingo, umwage maji hadi yafike kina cha sentimita moja. Yatahitajika maji lita 10. Lita 10 za maji zina kilo 10, na uzito wake ni nyutoni 100. Basi kila sentimita moja ya kina cha maji huleta paskali 100. Nambari hii inafaa kukaa kichwani. (Mvuto wa dunia kwa usahihi zaidi ni 9.8 badala ya 10, lakini kwa kuhakiki jibu tofauti hiyo ndogo haidhuru.)

Sasa tofali. Likisimama lina kimo cha sentimita 45, na kila mtu anajua kwamba tofali likitupwa majini huzama, maana yake ni zito kuliko maji ya ujazo uleule. Maji ya kina cha sentimita 45 yangeleta paskali 4,500, kwa hiyo tofali lazima lizidi hapo. Jibu la 72 linaanguka, la 725 linaanguka, na la 7,246 linapita. Likilazwa kwa upande wake mpana, kimo kinakuwa sentimita 15 tu, theluthi ya kile cha mwanzo. Presha nayo inashuka hadi theluthi, paskali 2,415, ambayo bado inazidi 1,500 za maji. Uzito haujabadilika hata kidogo.

Hakiki hii ina mpaka wake: inakubali kwa kitu kigumu ambacho pande zake zimenyooka wima kutoka chini hadi juu. Jiwe lenye umbo la piramidi au nguzo iliyochongoka chini haliwezi kupimwa kwa kimo peke yake. Kwa maji mpaka huo haupo. Chombo kiwe kimetanuka, kimebanwa au kimepinda, presha chini yake hufuata kina tu, na hapo ndipo watu wengi wanapoanza kutilia shaka kanuni yenyewe.

Shaka hiyo ina msingi, na ndoo ya kawaida ya plastiki inaidhihirisha. Ndoo hutanuka kuelekea juu. Tuseme kitako chake kina kipenyo cha sentimita 24, mdomo wake sentimita 30, na maji yamejaa hadi mdomoni, kina cha sentimita 30. Ukokotoaji wa ujazo unatoa lita 17 na robo, na uzito wa maji hayo ni nyutoni 172 hivi. Presha kwenye kitako ni sentimita 30 mara 100, paskali 3,000. Eneo la kitako ni mita za mraba 0.0452. Zidisha presha kwa eneo, upate nguvu ya nyutoni 136.

Maji yana uzito wa nyutoni 172, lakini yanakisukuma kitako kwa 136 tu. Nyutoni 36 zimekwenda wapi?

Zimebebwa na ukuta wa ndoo. Maji husukuma kila uso yanaougusa, na husukuma kwa pembe mraba na uso huo. Ukuta wa ndoo umeinama kuelekea nje, kwa hiyo maji yanausukuma nje na pia chini kidogo. Ukuta nao unayajibu kwa kuyasukuma ndani na juu kidogo. Huko kusukuma juu, ukijumlisha mzunguko wote wa ndoo, ndiko kunakobeba zile nyutoni 36. Maji yaliyo juu ya ule mwinamo yameegemea ukuta, hayakuegemea kitako.

Igeuze ndoo hiyohiyo. Ifunikwe kwa kifuniko kinachobana, ipinduliwe, na kitako kilichokuwa chini kitobolewe tundu dogo ili hewa ipite. Maji ni yaleyale na kina ni kilekile cha sentimita 30, kwa hiyo presha juu ya kifuniko ni paskali 3,000 zilezile. Lakini kifuniko kina eneo la mita za mraba 0.0707, na nguvu inayokisukuma ni nyutoni 212, zaidi ya uzito wa maji yote yaliyomo! Safari hii ukuta umeinama kuelekea ndani. Maji yanausukuma juu, nao unayarudisha chini kwa nyutoni 40 za ziada.

Mizani iliyo chini ya ndoo haishtuki katika hali zote mbili. Inaonyesha uzito wa maji pamoja na wa ndoo, kwa sababu inapokea nguvu ya kitako na ya ukuta kwa pamoja. Kwa hiyo anayesahihisha hesabu aangalie kwanza ameulizwa nini. Uzito wa maji ni kitu kimoja, na nguvu juu ya kitako ni kitu kingine. Vinalingana tu pale kuta zinaposimama wima. Chombo kikitanuka juu, nguvu ya kitako lazima iwe ndogo kuliko uzito. Kikibanwa juu, lazima iwe kubwa. Jibu likitoka kinyume, kuna mahali pamekosewa.

Jambo hili lilielezwa na Simon Stevin wa Uholanzi katika kitabu chake cha mwaka 1586 kuhusu uzito wa maji. Mfaransa Blaise Pascal, ambaye jina lake ndilo linalobebwa na kipimo cha paskali, alilifafanua tena katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1663, baada ya kifo chake.

Asiyeridhishwa na hesabu aende penye ujenzi. Fundi anayetaka kusawazisha msingi huchukua mpira mrefu mwembamba unaopenyeza mwanga, akaujaza maji, akashika ncha moja huku msaidizi akishika nyingine. Mpira katikati unapita shimoni, unazunguka lundo la mchanga, unapinda kila upande. Hata hivyo maji katika ncha zote mbili husimama usawa mmoja, na fundi anapiga alama bila wasiwasi. Anachohofia ni povu la hewa lililonasa ndani, kwa sababu hewa hukata mfululizo wa maji na kipimo kikapotoka.

Mpira huo unaeleza pia sababu. Tuseme umbo lingekuwa na kauli, na chombo kipana kingekuwa na presha kubwa kuliko chembamba katika kina kilekile. Viunganishwe kwa bomba chini. Maji yangetoka penye presha kubwa kwenda penye presha ndogo, ingawa juu yako usawa mmoja, na yangejipandisha yenyewe upande wa pili bila pampu wala mtu wa kuyasukuma. Jambo hilo halitokei. Yakitulia, presha ni moja kila mahali palipo na kina kimoja. Ndiyo maana mpiga mbizi aliye mita 5 chini ya uso wa Ziwa Victoria, lenye upana wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, anasukumwa na maji kwa paskali 50,000, sawa na mwenzake aliye mita 5 ndani ya maji ya kisima chembamba.

Kina hicho hupimwa wima, kutoka uso wa maji hadi mahali panapoulizwa. Bomba likishuka mlimani kwa mteremko wa mita 60, na tofauti ya kimo ikawa mita 8, kinachoingia kwenye hesabu ni 8. Swali likitaja presha kamili, presha ya hewa iongezwe, paskali 100,000 hivi. Geji ya bomba haiihesabu hiyo. Huanzia sifuri na kuonyesha kile kilichozidi hewa.

Anayenunua tanki la nyumbani anaweza kuyatumia haya leo. Maji yakiwa mita 7 juu ya bomba la bafuni, presha bomba likiwa limefungwa ni paskali 70,000, yaani bar 0.7, kwa kuwa bar moja ni sawa na mita 10 hivi za maji. Akiambiwa kwamba mnara wa mita 6 utampa bar 5, akatae, kwani bar 5 zinadai mita 50. Tanki la lita 1,000 na la lita 5,000, maji yakiwa kwenye usawa mmoja, yanatoa presha ileile. Kubwa linamzidi dogo kwa kuchelewa kuisha tu. Bomba likifunguliwa, mabomba membamba na viungo vingi hupunguza kasi ya maji, na hilo linatibiwa kwa bomba pana. Lakini ikiwa presha yenyewe ni ndogo, fedha ziende kwenye kuinua mnara au kununua pampu. Tanki pana zaidi halitaongeza hata paskali moja.