Upepo wa Tanga na Upepo wa Kanga

Bango la mchezo wa kuigiza linamwonyesha mwanamke amesimama omo ya jahazi. Nyuma yake tanga limejaa upepo, limetuna kuelekea mbele. Kanga aliyojitanda mabegani inapeperuka kwa fahari kuelekea shetri. Mtazamaji wa bara huenda akalipita bango hilo akivutiwa na rangi zake, lakini mtu wa Lamu au Nungwi atacheka kabla hajasoma jina la mchezo. Jahazi hilo lina pepo mbili, moja inasukuma tanga na nyingine inavuta kanga, kila moja ikienda upande wake.

Makosa ya namna hii hayaletwi na uhaba wa vifaa. Kitambaa kinaweza kuwa kimekatwa kwa ustadi na kivuli chake kimepakwa vizuri. Kinachokosekana ni swali ambalo mhariri wa picha alipaswa kujiuliza kabla ya kugusa nguo: upepo unatoka wapi, na maji yanatoka wapi? Swali hilo likijibiwa, sehemu kubwa ya kazi inajipanga yenyewe.

Tuchukue bango hilohilo tulitengeneze upya. Mwigizaji amepigwa picha studio akiwa mkavu, amevaa gauni la pamba la bluu iliyoiva na kanga mabegani. Taa ilikuwa juu, upande wa kushoto wa picha. Bahari, jahazi na mawingu vitatoka katika picha nyingine. Jahazi linatujia, tunaliona kwa mbele.

Tuamue kwamba upepo unaingia kwa ubavu, kutoka kushoto mwa picha. Kwa lugha ya mabaharia, kushoto kwetu ni joshini na kulia ni demani. Tanga litatuna kuelekea kulia, na kanga nayo lazima iende kulia. Kwa kuwa chombo kinakwenda mbele, ncha ya kanga itarudi nyuma kidogo, mbali na mtazamaji, kwa hiyo inatakiwa ionekane ndogo kiasi kuliko sehemu iliyo karibu na bega. Mawimbi yatagonga ubavu wa joshi, na marasharasha yatamrukia mwanamke upande huohuo wa kushoto. Kwa uamuzi mmoja tumeshajua nguo itakakolowa na itakakopepea.

Hapo tumeepuka mtego unaoharibu mabango mengi. Kulowa na kupepea ni mambo yanayopingana. Pamba iliyoshiba maji ni nzito, nayo hugandama mwilini au hupigapiga kwa mikunjo mipana michache. Haielei hewani kwa mawimbi madogo mepesi kama kanga kavu. Mhariri akiipa nguo nzima maji na upepo kwa pamoja, jicho hukataa hata kama mtazamaji hawezi kueleza sababu. Katika bango letu upande wa joshi umelowa na kubanwa mwilini, na upande wa demani umebaki karibu mkavu, ndio unaoruka.

Wachongaji wa Ugiriki ya kale waliujua mgawanyo huo. Sanamu ya Nike ya Samothrake, iliyogunduliwa mwaka 1863 na sasa iko katika jumba la Louvre mjini Paris, inamwonyesha mungu wa kike wa ushindi juu ya omo ya meli. Vazi jepesi limemgandama tumboni kama lililolowa, hali kitambaa kizito cha juu kimerundikana kwa mikunjo mikubwa katikati ya miguu na kuvutwa nyuma. Ni jiwe tupu, lakini mtu anahisi upepo kwa sababu kila kitambaa kimefuata uzito wake. Mhariri wa picha akiitazama sanamu hiyo kwa dakika chache, atajua wapi pa kulaza nguo na wapi pa kuiinua.

Sasa kanga. Unaweza kuinyoosha ile ya studio kwa kompyuta, lakini kitambaa kilicholala hakina mikunjo ya kitambaa kinachoruka, na kukivuta sana huyafanya maua yake yatanuke kama mpira. Njia bora ni kuipiga picha kanga ileile peke yake. Kanga ina urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa zaidi kidogo ya mita moja, kwa hiyo inahitaji nafasi. Funga ncha mbili kwenye stendi, katika urefu wa mabega ya mwigizaji, weka feni kubwa upande wa kushoto, na msaidizi airushe ncha ya tatu kwa mshipi wa kuvulia samaki, ambao ni rahisi kuufuta baadaye. Taa ibaki palepale ilipokuwa kwa mwigizaji, na kamera iwe umbali uleule na kimo kilekile. Kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde hukigandisha kitambaa hewani. Ukitaka ncha iwe na ukungu kidogo wa mwendo, shuka hadi karibu 1/125. Piga nyingi, kwa kuwa kanga haitii amri.

Ukishachagua picha, kata kanga, iweke juu ya mwigizaji katika leya yake, kisha uigeuze kuwa Smart Object ili marekebisho yasiharibu picha ya asili. Kitambaa kinachopepea huwa na sehemu kilikoshikwa, na mikunjo yote huanzia hapo. Kwa mwanamke huyu ni begani na kwenye mkono unaoshika ncha. Tumia Puppet Warp: gandisha pini pale begani na mkononi, kisha sogeza pini mbili au tatu za ukingo ulio huru. Karibu na bega mikunjo iwe midogo na imekazwa, na ikuwe kadiri inavyoelekea ncha. Mkunjo mkubwa ukitokea begani na ukingo ukawa umetulia, nguo itaonekana imebandikwa.

Kuna kosa moja ambalo wasomaji wa Kiswahili hawalisamehi. Mhariri anapopata picha nzuri ya kanga inayoruka kushoto, huigeuza kwa Flip Horizontal ili iruke kulia. Jina la kanga, yaani yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini, nalo linageuka na kusomeka kinyumenyume. Pengine herufi zilizogeuka zinakubalika, ikiwa tunaona upande wa ndani wa kitambaa, lakini hapo rangi nazo huwa zimefifia kuliko za upande wa mbele. Kama tunaona upande wa mbele, maneno lazima yasomeke. Tena mwanga umegeuka pamoja na kitambaa: ule uliotoka kushoto sasa unatoka kulia, na hauafikiani na uso wa mwigizaji. Ni afadhali kupiga picha upya.

Tuje kwenye maji. Wengi hudhani nguo iliyolowa ni nguo ileile iliyotiwa weusi. Sivyo hasa. Katika pamba kavu, mwanga hugonga nyuzi, ukakutana na hewa iliyo katikati yake, ukatawanyika na sehemu kubwa kurudi machoni petu. Maji yakichukua nafasi ya hewa, tofauti kati ya uzi na kinachouzunguka hupungua. Mwanga hautawanyiki sana, huzama ndani zaidi, na rangi ya kitambaa hupata nafasi ya kuumeza. Matokeo yake ni matatu: nguo huwa nyeusi zaidi, rangi yake hukolea, na kitambaa chembamba huanza kuonyesha kilicho nyuma yake.

Kwa gauni letu la bluu, tengeneza leya ya Curves na uivute katikati ya mstari chini, kutoka 128 hadi kati ya 85 na 95. Usiguse ncha ya chini kabisa. Ongeza ukolevu wa rangi kwa Hue/Saturation, karibu 10 hadi 15. Kisha ifiche leya hiyo yote kwa maski nyeusi, na uifunue kwa brashi nyeupe pale tu maji yalipofika: bega la kushoto, ubavu, paja, na pindo la chini. Mpaka wa maji usiwe mstari wala ukungu sawasawa. Maji hupanda katika pamba kwa vidole visivyolingana, na nje ya eneo kubwa huwa kuna madoa ya matone yaliyotawanyika. Brashi yenye ukingo mkwaruzo hufanya kazi hiyo kuliko ile laini.

Weusi peke yake bado hautoshi, kwa sababu nguo iliyotiwa weusi tu huonekana kama iliyoingia kivulini. Kinachotangaza maji ni mng'ao. Katika leya mpya ya aina ya Screen, chora kwa brashi nyembamba mistari mifupi mikali kwenye vilele vya mikunjo inayoitazama taa. Mng'ao huo uwe mdogo, na uchukue rangi ya mbingu ya bango, kijivu chenye bluu kwa mawingu yetu, si weupe wa karatasi. Kwenye mabonde ya mikunjo usiweke kitu. Vazi jeusi, mfano buibui, halina weusi wa kuongeza, kwa hiyo maji yake yatajulikana kwa mng'ao na kwa jinsi lilivyogandama mwilini.

Vazi jeupe lina suala lingine. Likilowa kweli lingeonyesha ngozi, na mhariri anayefuata uhalisia atajikuta anamvua nguo mtu aliyepigwa picha akiwa amejisitiri. Hilo si la kuamuliwa na mhariri peke yake mbele ya kompyuta. Mwigizaji aambiwe mapema na akubali, au lichaguliwe vazi la rangi iliyoiva kama hili la bluu, ambalo hulowa bila kufichua.

Ili gauni ligandame upande wa kushoto, tumia Liquify kusogeza ukingo wa nguo taratibu kuelekea ubavu na paja, na uache vifuko vidogo vya hewa hapa na pale. Nywele, au ushungi, navyo vielekee kulia. Kanga inayoruka iangushe kivuli hafifu kwenye mkono wa kulia. Matone ya marasharasha yaonekane mbele ya sehemu zenye giza, kwa kuwa mbele ya wingu jeupe hayataonekana.

Mwisho, punguza bango kwenye kioo hadi lilingane na ukucha wa kidole gumba. Ukiona tanga, kanga na nywele vinaelekea upande mmoja, mwendo umekubali. Kisha fikiria wino. Nguo yenye maji inayopendeza kwenye kioo inaweza kutoka kiwandani ikiwa doa moja jeusi, maana karatasi hunywa wino na mabonde ya mikunjo huzibika. Kabla ya kuchapa mabango yote, chapa kipande cha ubavu wa kushoto peke yake, kwa ukubwa kamili na kwenye karatasi itakayotumika. Mikunjo ikiwa imepotea, inua kidogo ncha ya chini ya Curves, uchape kipande kingine, na ukilinganishe na cha kwanza nje, kwenye mwanga wa jua, bango litakapobandikwa.