Kikao kimeamua nini? Mstari mmoja unatosha

Katibu wa kamati ya mikopo anafungua kompyuta Jumatatu asubuhi. Kikao cha Jumamosi kilifanyika kwa Zoom, kimerekodiwa, na wanachama wanasubiri. Anaandika: "YAH: MUHTASARI WA KIKAO CHA KAMATI CHA TAREHE..." na kuambatisha faili. Kwenye simu ya mwanachama mstari huo unakatwa katikati, kwa hiyo anachoona ni kwamba kikao kilikuwepo. Hilo alikuwa akilijua.

Tabia hii tumeirithi kwenye barua za ofisini. "Yah" ilimsaidia karani wa masjala kujua barua iingie jalada gani. Baruapepe haipiti masjala. Inatua mkononi mwa mtu aliye kwenye daladala, ambaye kabla ya kuifungua anaona kichwa na maneno machache ya mwanzo wa barua. Matokeo ya kikao yakae hapo.

Tuchukue mfano wa chama cha kuweka na kukopa. Rekodi ina saa moja na dakika 50. Nusu yake ni malalamiko ya marejesho yanayochelewa, na msikilizaji mvivu angedhani hiyo ndiyo habari. Lakini kelele nyingi si uamuzi. Tafuta pale mwenyekiti anapofunga hoja, maana wenyeviti wengi wana namna yao: "basi tumekubaliana", "hilo limepita", "tuandike hivyo". Katika rekodi yetu anasema hivyo dakika ya 41: mkopo wa dharura upande kutoka laki tano hadi milioni moja, kuanzia mwezi ujao.

Katibu mwenye haraka angeishia hapo na kutuma uongo. Kwenye mengineyo, dakika ya 92, mhazini anakumbusha kwamba fedha za kutosha zitaingia mwishoni mwa Septemba. Mwenyekiti anajibu, "Haya, basi tuanze Oktoba mosi," na baadaye kikao kinafungwa kwa sala. Uamuzi wa dakika ya 41 umebadilishwa na sentensi moja ambayo nusu ya wajumbe hawakuisikia, kwa kuwa walikwisha kuaga. Ndiyo maana rekodi husikilizwa hadi mwisho, hasa mengineyo.

Sasa andika, ukianza na sentensi ya kwanza ya barua, kwa sababu kichwa hukatwa kutoka humo. Sentensi ijibu nani ameamua, nini kinabadilika, lini, na msomaji afanye nini:

"Kamati imekubali kupandisha kiwango cha juu cha mkopo wa dharura kutoka shilingi 500,000 hadi 1,000,000 kuanzia Oktoba 1, maombi mapya yapelekwe kwa mhazini."

Kichwa chake: "Mkopo wa dharura: milioni 1 kuanzia Oktoba 1". Hizo ni herufi 44 pamoja na nafasi, na hata simu ikikata mwishoni, mkopo na kiasi vimeshaonekana. Salamu isiachwe, sisi si watu wa kuanza bila salamu, ila "Ndugu wanachama," inatosha. Kumshukuru Mungu kwa kutuamsha salama kushuke aya ya pili.

Kinachowaponza makatibu wengi ni kitenzi. "Imejadili" haisemi kitu. "Imekubali" inafunga mjadala, na kama katiba ya chama inataka mkutano mkuu uidhinishe kiwango kipya, neno hilo litaleta foleni ya watu wenye fomu mlangoni kwa mhazini. Hapo andika "imependekeza", na kichwa kianze na "Pendekezo". Kama kikao hakikuamua, sema hivyo: "Mkopo wa dharura: uamuzi umeahirishwa". Hayo nayo ni matokeo.

Maneno ya mdomoni nayo yanahitaji kugeuzwa. "Mwezi ujao" ya Jumamosi ile haitaeleweka kwa atakayefungua barua wiki tatu baadaye, kwa hiyo weka tarehe. "Saa nne" iandikwe saa nne asubuhi au usiku. Kiasi cha fedha kisikilizwe mara mbili kwenye sauti yenyewe, hata kama programu imeshakuandikia maneno ya kikao, kwani mtandao ukikwama kidogo "milioni na nusu" hubaki "milioni".

Na jina la mdaiwa sugu lisikae kwenye kichwa kamwe. Kichwa huweza kuchomoza hata kwenye kioo cha simu iliyofungwa, ikiwa mezani mbele ya wageni.

Kabla ya kutuma, mpelekee mwenyekiti sentensi ile pamoja na dakika mbili za rekodi, ya 41 na ya 92, azisikilize mwenyewe. Akisema ndivyo, tuma. Muhtasari mrefu unaweza kufuata kesho.