Video Imeshatoka, Mwaka Umekosewa

Tuchukue video ya dakika kumi kuhusu historia ya Zanzibar. Ikifika 4:12, msimulizi anasema Mapinduzi yalitokea 12 Januari 1963. Kumbe ni 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa 10 Desemba 1963. Video imeshasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, na mkosoaji wa kwanza keshaandika.

YouTube hairuhusu kuweka faili jipya kwenye linki ileile. Ndiyo maana watu wengi hukimbilia komenti na kuibandika juu ya nyingine zote. Ni hatua ya haraka, lakini nafasi ni moja tu kwa kila video, kwa hiyo kama ilikuwa na tangazo la biashara, tangazo liondoke. Tena anayetazama kwenye televisheni mara nyingi hafiki kwenye komenti. Njia nyingine ni kuandika hivi kwenye maelezo ya video:

```
Correction:
4:12 Mapinduzi ya Zanzibar ni 12 Januari 1964, si 1963
```

Neno la kwanza libaki la Kiingereza, maana ndilo mfumo unalolitambua. Mengine yawe Kiswahili. Kwenye 4:12 kadi ndogo hujitokeza pembeni juu ya picha. Chaneli iliyo na adhabu ya YouTube ambayo haijaisha haipewi kadi hiyo.

Kuna pia kukata. Kihariri cha YouTube Studio hukuwezesha kuondoa sentensi yenye kosa, na linki, idadi ya watazamaji na komenti vikabaki. Ila huwezi kuchomeka sauti mpya ya kusema mwaka sahihi. Hatari kubwa zaidi ni kukata kimyakimya: aliyekukosoa ataonekana mzushi, kwa kuwa alichokitaja hakipo tena. Kwa hiyo hata ukikata, komenti ibaki juu, iseme kilichokuwepo na lini kiliondolewa. Video iliyopita watazamaji 100,000 huenda ikakataa kukatwa kama chaneli haimo kwenye mpango wa malipo wa YouTube.

Kupakia upya ni kwa kosa linalobeba hoja nzima. Kama msimulizi amejenga simulizi yake yote juu ya dai kwamba Mapinduzi yalitangulia uhuru, kadi haitoshi. Mwaka 2019 chaneli ya Kurzgesagt ya Ujerumani ilifuta video zake mbili, ya uraibu na ya wakimbizi, na ikatoa nyingine kueleza kwa nini. Mimi nisingefuta ya zamani. Ningeiweka iwe "Unlisted", isionekane kwenye utafutaji lakini linki zilizokwisha kutumwa zifunguke, na komenti ya juu impeleke mtazamaji kwenye toleo jipya.