Kompresa Inapoungua: Kudai Bima ya Chumba cha Ubaridi

Bima ya kuharibika kwa mitambo hulipia uharibifu wa ghafla unaoanzia ndani ya mashine yenyewe, kama vile shoti ya umeme, kuvunjika kwa kipuri au kosa la mwendeshaji. Haihusiki na moto, ambao una bima yake, wala na uchakavu wa kawaida. Kwa mwenye chumba cha ubaridi, mpaka kati ya "imeungua" na "imechakaa" ndio unaoamua kama atalipwa, na mpaka huo huchorwa na ripoti ya fundi.

Chukua mfano wa ghala la samaki mjini Mwanza. Chumba hukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme unakatika usiku, unarudi ukiwa na fezi mbili badala ya tatu, na asubuhi kipimo kinasoma nyuzi 6 chini ya sifuri huku kompresa ikiwa kimya. Hatua ya kwanza ni kuzima mtambo, kisha kupiga simu kwa kampuni ya bima au dalali na kufuatisha barua siku hiyo hiyo. Barua itaje namba ya bima, mtambo ulioharibika na namba yake, saa hitilafu ilipoonekana, na mahali unapoweza kukaguliwa. Sababu isiandikwe kwa kubahatisha; inatosha kusema kwamba inachunguzwa na fundi.

Matengenezo makubwa husubiri mkaguzi wa hasara au ruhusa ya bima. Kinachoruhusiwa mara moja ni kuzuia hasara isizidi, kwa mfano kuhamishia samaki kwenye ghala jingine. Kompresa iliyofunguliwa na vipuri vyote vilivyotolewa vitunzwe. Fundi aliyeondoka na kompresa mbovu kama sehemu ya ujira wake ameondoka na ushahidi.

Ripoti ya fundi isiishie kwenye maneno "kompresa imekufa, inahitajika mpya". Hayo ni matokeo tu, na bima inauliza chanzo. Katika mfano huu, fundi anapima koili za mota na kukuta usomaji kati ya vituo vitatu haulingani, na kinga kati ya koili na bodi ya kompresa iko karibu na sifuri. Akiifungua, anakuta mafungu mawili ya koili yameungua meusi na la tatu bado safi. Hiyo ndiyo alama ya fezi moja kupotea, kwa kuwa mota ya aina hii hubebesha mzigo wote mafungu mawili yaliyobaki. Picha ya koili hizo ina uzito kuliko aya nzima ya maelezo. Ripoti iseme pia kama kifaa cha kuzuia mota isizidiwe kilikuwepo na kilikuwa kimeunganishwa. Kikikutwa kimerukwa kwa waya, bima itauita uzembe.

Profoma ya matengenezo ifuate ripoti hiyo, kila kipuri na bei yake, ufundi ukiwa mstari wake. Kompresa ikiungua, asidi husambaa kwenye mabomba, hivyo chujio lazima libadilishwe na gesi iwekwe upya. Fundi aandike sababu hiyo, maana gesi, mafuta na machujio huhesabiwa kuwa vitu vya matumizi na mkaguzi huwa mwepesi kuvikata.

Tuseme profoma inasoma hivi: kompresa shilingi 6,500,000, chujio 200,000, gesi na mafuta 800,000, ufundi 900,000, na feni mpya ya nje 600,000. Jumla ni 9,000,000. Feni ilikuwa imechakaa na haikuguswa na hitilafu, kwa hiyo inaondolewa, zinabaki 8,400,000. Kompresa ya zamani inathaminiwa kama chuma chakavu kwa 400,000, nazo zinatolewa: 8,000,000. Mtambo umekatiwa bima ya milioni 30 ilhali kuununua mpya leo ni milioni 40, hivyo bima inalipa robo tatu tu, yaani 6,000,000. Mwenye bima huyu anachangia asilimia 10 ya kila dai, na mwishowe anapokea 5,400,000. Pengo kubwa kuliko yote limetokana na thamani iliyoandikwa siku ya kukata bima. Profoma nzuri haiwezi kuliziba.

Samaki walioharibika hawamo katika hesabu hii. Hulipwa na bima nyingine, ya kuoza kwa bidhaa, ambayo hutaka daftari la mzigo na la nyuzi joto. Asiyeikata, hasara ya samaki ni yake.