Carb-nini? Kusoma karatasi ya dawa kwenye picha yenye ukungu

Picha iliingia saa tatu usiku. Binamu yangu aliyeko Korogwe alikuwa ameipiga karatasi ya dawa ya mama yetu mkubwa chini ya balbu hafifu ya chumbani, mkono haujatulia, na chini yake ameandika: “Dada, hebu nisomee hii, kesho uninunulie huko mjini.” Mstari wenyewe ulikuwa mmoja tu. Nikaona Carb, nikaona maz, ukafuata ukungu, halafu tarakimu na 1x2. Nikanakili bila kusita: Carbamazepine 200 mg, kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Kesho yake mfamasia alitazama picha, akatazama nilichoandika, akaniuliza: “Hiyo sifuri ya pili umeiona wapi?”

Sikuwa nimeiona. Kuna dawa nyingine inayoanza na Carb na yenye maz katikati, nayo ni Carbimazole. Ya kwanza hutumika sana kwa kifafa. Ya pili ni ya tezi ya shingoni inayomwaga homoni kupita kiasi. Kidonge cha 200 mg ni cha kawaida kwa ile ya kwanza, na cha 20 mg kipo kwa ile ya pili. Zote mbili zinaweza kuandikwa 1x2. Kwa hiyo nilipokisia jina, 20 ikageuka 200 machoni pangu, na ile 200 ikanihakikishia kwamba jina ni sahihi. Makisio mawili yakawa yanatoleana ushahidi, na mimi nikadhani nimesoma.

Wakati mwingine kiwango cha dawa humzindua msomaji. Mwaka 1995, huko Odessa, Texas, daktari aliandika Isordil 20 mg kila baada ya saa sita, kwa maumivu ya kifua. Mfamasia akasoma Plendil, dawa ya presha ambayo kikomo chake ni 10 mg kwa siku. Hesabu ya 80 mg kwa siku, mara nane ya kikomo, ingetosha kumsimamisha. Mgonjwa alikufa, na mwaka 1999 mahakama ikaamua daktari na mfamasia wote wawili wabebe lawama. Karatasi yetu haikuwa na king’ora kama hicho. Kila usomaji ulikuwa na akili.

Ukungu wenyewe hauli herufi zote sawasawa. Vitu vidogo ndivyo hutangulia kupotea: nukta ya i, nukta ya desimali, tumbo la a na la o. Vinavyodumu ni urefu wa neno na vijiti vinavyopanda juu au kushuka chini ya mstari. Simu ikiyumba kushoto na kulia, mistari ya wima husambaa na ile ya mlalo hubaki. Ndiyo maana neno zima huonekana kama limepigwa pasi. Na picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, ikapoteza tena kidogo kilichobaki.

Mfamasia alichukua kalamu akaandika upya mstari wangu hivi:

```
Carb[a/i]maz[.....] 20[0?] mg 1x2
```

Mkwaju unatenganisha herufi mbili zinazowezekana. Nukta ni mahali pasiposomeka, na idadi yake ni makadirio tu ya nafasi. Alama ya kuuliza inafuata kinachoonekana bila uhakika. Wasomaji wa mafunjo ya kale wana desturi kama hiyo: tangu makubaliano ya Leiden ya mwaka 1931 huweka nukta chini ya kila herufi yenye shaka. Mfamasia wangu alikuwa na sharti moja zaidi, kwamba alama ziwekwe kabla ya kuuliza mgonjwa anaumwa nini. Ukishajua ugonjwa, jicho huanza kuona jina la dawa yake.

Tukampigia binamu. Tukamwambia aiweke karatasi mezani karibu na dirisha, viwiko avikite mezani, aguse neno kwenye skrini mpaka kamera ilikaze, kisha aitume kama faili, isiwe kama picha. Namba ya zahanati ilikuwa kichwani mwa karatasi, na mfamasia akaipiga mwenyewe. Nilitega sikio nisikie anavyouliza. Hakusema “Ni Carbamazepine, siyo?”, maana mtu mwenye foleni mlangoni atajibu ndiyo ili akate simu. Alisema: “Naomba unitajie dawa uliyomwandikia, herufi kwa herufi, na kiwango chake.”

Jibu lilikuwa Carbimazole, mbili sifuri. Picha ya pili ilipofika, kijiti cha l kilikuwa kimesimama wazi karibu na mwisho wa neno, na ile sifuri yangu ya pili ilikuwa kivuli cha mkunjo wa karatasi.