Daftari Likigombana na Taarifa ya M-Pesa

Tuchukue duka la spea za bodaboda nchini Kenya, linalopokea malipo kwa tili ya M-Pesa. Daftari la Jumamosi linaonyesha mauzo ya M-Pesa ya shilingi 24,860. Taarifa ya tili inasema zimeingia shilingi 23,520. Daftari limezidi kwa 1,340.

Wenye maduka wengi wakifika hapo huanza kusaka mauzo ya shilingi 1,340. Wasipoyaona, humshuku mhudumu. Hawayaoni kwa sababu aghalabu tofauti kama hiyo haitokani na kosa moja. Ni makosa kadhaa, mengine yakizidisha hesabu na mengine yakiipunguza, na kinachobaki juu ni salio lake tu. Dawa ni kuacha jumla kando na kulinganisha mstari kwa mstari.

Kwanza hakikisha pande zote mbili zinahesabu muda uleule. Siku ya duka huisha mlango unapofungwa, lakini siku ya taarifa huisha saa sita usiku. Kisha chukua pesa zilizoingia peke yake, usichukue salio la mwisho, maana salio limeshapunguzwa na makato na pesa ulizotoa.

Sasa oanisha. Kila malipo ya M-Pesa yana nambari yake ya muamala, yenye tarakimu na herufi kumi, ambayo kwenye taarifa husomeka chini ya `Receipt No.`. Nambari hii ndiyo ya kufuata, si kiasi cha pesa. Wateja wawili wakilipa 200 kila mmoja kwa dakika zinazokaribiana, hayo ni mauzo mawili halali kwa sababu nambari ni tofauti. Weka alama ya tiki pande zote mbili kila nambari inapokutana na mwenzake. Angalia pia herufi O na sifuri, maana zikiandikwa kwa mkono hufanana.

Ukimaliza, kazi iliyobaki ni mistari isiyo na tiki, pamoja na ile ambayo nambari zimekubaliana lakini kiasi kimekataa. Katika duka letu imebaki minne.

Mmoja ni wa 1,200. Umo mara mbili daftarini ukiwa na nambari ileile: mhudumu aliuandika mteja alipolipa, na jioni mwenye duka akauandika tena akinakili ujumbe wa simu. Mmoja lazima ukatwe. Wa pili nambari zimeoana, ila daftari linasema 540 na taarifa 450. Tarakimu zimepinduliwa. Kosa la namna hii lina dalili yake: tofauti inayoletwa nalo hugawanyika kwa tisa bila baki, na hapa ni 90.

Wa tatu uko kwenye taarifa tu: shilingi 350 zilizoingia saa mbili na dakika arobaini usiku, daftari likiwa limeshafungwa. Huo unaongezwa. Wa nne uko daftarini tu, shilingi 400. Usiukate kwa haraka. Ujumbe wa simu unaonyesha kwamba mteja alituma kwenye nambari binafsi ya mwenye duka badala ya tili. Mauzo ni ya kweli, lakini yahamishiwe kwenye safu nyingine. Kama nambari yake isingeonekana popote, si kwenye tili wala kwenye simu, hapo ungekuwa na sababu ya kushuku ujumbe bandia.

Piga hesabu: 24,860, toa 1,200, toa 90, toa 400, ongeza 350. Inabaki 23,520, sawasawa na taarifa.

Mambo mawili huwachanganya wengi. Makato huweza kuja kama mstari wa pekee wenye nambari ileile ya malipo. Hayo si malipo yaliyorudiwa, ni gharama, na huandikwa upande wa matumizi. Nayo pesa iliyorudishwa kwa mteja huonekana upande wa zilizotoka, kwa nambari mpya, huku malipo ya awali yakibaki palepale. Daftari lisipokuwa na mstari wa kuyaondoa mauzo hayo, utayahesabu kama mapato ilhali pesa haipo.

Unaposahihisha, usifute kwa rabha. Piga mstari mmoja juu ya kosa, andika kiasi sahihi pembeni, na utie saini. Na kuanzia kesho, mhudumu aandike herufi nne za mwisho za nambari ya muamala kando ya kila mauzo. Za mwanzo hazisaidii sana, kwa kuwa miamala ya siku moja aghalabu huanza kwa namna moja.

Na jumla zikilingana tangu mwanzo, bado weka tiki. Shilingi 350 zilizosahaulika na shilingi 350 zilizoandikwa mara mbili hufutana, na jumla haitakuambia lolote.