Saa Mbili Usiku ya Nani?

"Kikao cha harusi Jumamosi saa mbili usiku. Msikose." Ujumbe wa namna hii ukitumwa Dar es Salaam kwenda kwa ndugu walioko Dar es Salaam, hauna kasoro hata moja. Ukitumwa kwenye kundi la familia lenye shangazi Maskati, mjomba Lubumbashi, binamu London na mpwa aliyezaliwa Minneapolis, unaweza kusomwa kwa njia tano, na kila msomaji akawa na hakika kwamba ameuelewa.

Anayepotea mbali zaidi ni mpwa. Kiswahili chake cha nyumbani ni kizuri, lakini saa alijifunza shuleni Marekani, ambako mbili ya usiku ni saa nane kwa hesabu ya bibi yake. Saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa kunapokucha na kunapokuchwa, kwa hiyo zinapishana kwa saa sita na zile zinazoonekana kwenye simu. Hapo bado tofauti ya miji haijaongezwa. Mtu anayekosea mambo haya mawili kwa pamoja hachelewi kikao kwa dakika kadhaa, anakikosa kabisa.

Dawa yake ni kuandika saa kwa hesabu zote mbili, na ile ya pili iwe ya tarakimu 24: saa 2:00 usiku (20:00). Tarakimu 20:00 haina asubuhi wala jioni ya kubishania. Lakini isiandikwe peke yake, kwa sababu mzee aliyezoea kuambiwa "saa mbili" hapaswi kulazimishwa kufanya hesabu ili ahudhurie kikao cha mjukuu wake.

Siku nayo inahitaji tarehe. Kwa wazee wengi wa pwani, siku huanza jua linapozama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi mchana. Kijana wao husikia Ijumaa, akangoja mpaka Ijumaa jioni. Waandishi wa magazeti hukwepa utata huu kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na mwandalizi wa kikao anaweza kufanya vivyo hivyo, ila tarehe iliyoandikwa wazi inamaliza shauri. Saa sita usiku ni bora iepukwe kabisa, kwa kuwa inakaa kwenye mpaka wa tarehe mbili. Ikibidi, saa 5:45 usiku ina tarehe moja tu.

Sasa tuipange harusi yenyewe. Familia inataka kukutana Jumamosi ya tarehe 17 Oktoba 2026. Hatua ya kwanza ni kuchagua mji mmoja uwe nanga, na saa za mji huo ndizo zitakazotawala. Dar es Salaam inafaa, si kwa sababu wazee wako huko tu, bali kwa sababu Tanzania, kama Kenya na Uganda, haisogezi saa zake mwaka mzima. Iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile inayoandikwa UTC kwenye simu na kompyuta. Kikao cha 20:00 Dar es Salaam, ukiondoa tatu, ni 17:00 kwa saa ya dunia. Kutoka hapo kila mji unapata yake: Lubumbashi inaongeza mbili, Maskati nne, London mwezi huo inaongeza moja, na Minneapolis inapunguza tano.

Ujumbe unaokwenda kwenye kundi basi unasomeka hivi:

"Kikao cha harusi: Jumamosi, 17 Oktoba 2026, saa 2:00 usiku (20:00) kwa saa za Dar es Salaam, UTC+3. Lubumbashi saa 1:00 usiku (19:00). Maskati saa 3:00 usiku (21:00). London saa 12:00 jioni (18:00). Minneapolis saa 6:00 mchana (12:00). Tutamaliza baada ya saa moja."

Kabla ya kuutuma, inafaa kuangalia kila mtu atakuwa anafanya nini saa hiyo kwake. Dar es Salaam sala ya isha imeshapita. London katikati ya Oktoba jua huzama karibu saa 12 jioni, kwa hiyo binamu ataitwa kikaoni wakati wa magharibi. Maskati mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na shangazi ana kazi Jumapili asubuhi. Kikao kikivuka saa nne usiku, yeye ndiye anayeumia. Kuanza dakika 30 baadaye kungemsaidia binamu na kumchelewesha shangazi. Hapa hakuna hesabu ya kuamua. Wanaulizwa wawili hao kwanza, kabla ya kundi zima.

Balaa kubwa zaidi linakuja baada ya kikao cha kwanza kufanikiwa. Familia inakubaliana kukutana tena tarehe 31 Oktoba na 7 Novemba, "saa ile ile". Uingereza, kama nchi za Umoja wa Ulaya, hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambayo mwaka 2026 ni tarehe 25. Marekani hungoja Jumapili ya kwanza ya Novemba, yaani tarehe 1. Hivyo tarehe 31 Oktoba kikao cha 20:00 Dar es Salaam kinaangukia 17:00 London badala ya 18:00, na magharibi ya binamu imeshapita, ilhali Minneapolis bado ni 12:00. Wiki moja baadaye London inabaki 17:00, na Minneapolis inarudi 11:00, saa 5 asubuhi. Maskati na Lubumbashi hazikuguswa. Mwezi wa Machi pengo hili huwa refu zaidi: Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili, Ulaya Jumapili ya mwisho. Kwa wiki mbili au tatu hesabu waliyoikariri watu kati ya London na Minneapolis haifanyi kazi.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuandika "GMT" kwa maana ya London ni hatari. Majira ya joto London iko saa moja mbele ya GMT, na mtu wa Nairobi anayeongeza tatu juu ya saa aliyopewa atachelewa kwa saa nzima. Jina la mji ni salama kuliko herufi tatu.

Kalenda ya simu hufanya hesabu hizi yenyewe, mradi ijue nanga ni ipi. Binamu wa London akitengeneza mwaliko wa kujirudia wa saa 18:00 bila kubadilisha saa za mji, mfululizo wote utafuata London. Tarehe 31 Oktoba simu ya bibi Dar es Salaam italia 21:00, na ya shangazi Maskati 22:00. Mwaliko wa aina hiyo uwekewe saa za Dar es Salaam hata kama anayeutengeneza yuko kwingine, kisha mtu mmoja katika kila mji aulizwe simu yake inaonyesha saa ngapi.

Maofisini makosa mengi hutokea karibu zaidi na nyumbani. Mtu wa Nairobi anayempigia mwenzake wa New York hukumbuka kuuliza huko ni saa ngapi. Anayempigia wa Kigali au Bujumbura mara nyingi hakumbuki, kwa kuwa ni majirani. Rwanda na Burundi ziko saa moja nyuma ya Kenya, na kikao cha saa 2:00 asubuhi Nairobi kinamtaka mtu wa Kigali awe tayari saa 1:00, pengine akiwa bado njiani. Kongo ina saa mbili tofauti ndani ya nchi moja: Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko sawa na Kigali, Kinshasa iko nyuma yao kwa saa moja. Mwaliko unaosema "saa za Kongo" haujasema kitu.